Kufuli la Kabati la Sukari

Kufuli nililinunua Jumatatu. Kufikia Jumatano lilikuwa limeshaleta vita nyumbani.

Nina mabinti wawili waliopishana mwaka mmoja na miezi mitatu. Mkubwa tunamwita Bonge, mdogo tunamwita Njiti, na majina hayo hayakuhitaji kikao. Wanalala chumba kimoja, wanakula sufuria moja, na nawapakulia mimi mwenyewe: wali upawa mmoja na nusu, maharage upawa mmoja, sahani mbili za bluu zinazolingana. Mimi ni mtunza stoo wa kiwanda cha sabuni, nina stashahada ya ugavi, na mambo ya kukadiria kwa macho siyawezi. Sasa, kama kinachotoka ni sawa, halafu mmoja ananenepa na mwingine unahesabu mbavu zake akiwa amevaa sweta, kwenye vitabu vyangu hilo lina jina moja tu. Wizi.

Na sukari kweli ilikuwa inapungua.

"Mama, sijaiba," alisema Bonge.

"Basi mwili huo umetoka wapi? Hewani?"

Alirudisha wali wake wote kwenye sufuria, akaenda chumbani. Kesho yake vilevile. Siku ya nne mwalimu alinipigia simu: mtoto amepata kizunguzungu mstarini asubuhi, hajala tangu jana, mpeleke kliniki ya lishe. Nilishika simu nikaona aibu, lakini kufuli sikulitoa.

Kliniki tulikwenda watatu, kwa sababu wifi yangu, dada wa mume wangu, alijialika. Ni mwanamke mwenye mwili wake na maneno yake, na njia nzima alimwambia mtoto, "Kiri tu, shangazi. Ukikiri yanaisha."

Mtaalamu wa lishe alikuwa kijana mpole mwenye miwani. Alimpima Bonge uzito na urefu, akasoma majibu ya damu, akauliza anakula nini, analala saa ngapi, anacheza nini. Bonge alijibu kwa sauti ya mtu aliye kizimbani. Anacheza mpira wa wavu. Ni nahodha. Hilo nilikuwa silijui.

"Ugonjwa hakuna," kijana akasema. "Kilichomtia kizunguzungu ni njaa. Huyu anakua, asiruke mlo hata mmoja. Sasa mama, kwenye ukoo wenu nani ana umbo kama hili?"

"Hakuna," nikasema.

Kijana akamtazama wifi. Mimi nikamtazama wifi. Wifi akaanza kutafuta kitu kwenye mkoba wake, na kilikuwa kitu kilichopotea sana, maana alitafuta muda mrefu.

"Mama yetu aliwahi kunifungia kabati," akasema mwishowe, bado ameinamia mkoba. "Miaka sita. Na mwizi alikuwa kaka."

"Kaka yupi?" nikauliza.

"Wifi, nina kaka mmoja. Umeolewa naye."

Mume wangu ni mwembamba kama antena.

"Huyu na mdogo wake, aliye mwembamba kama baba yao, wamezaliwa na baba mmoja na mama mmoja," nikamwambia kijana. "Wanakula chakula kimoja. Inakuwaje?"

"Unafanya kazi gani, mama?"

"Natunza stoo."

"Vizuri. Chukua stoo mbili, ya baba na ya mama. Kila mtoto anapewa nusu ya vinasaba kutoka kila stoo, ila si nusu ileile. Wa kwanza anaondoka na orodha yake, wa pili na yake."

"Nani anapanga orodha?"

"Hakuna. Ni bahati nasibu."

"Hiyo stoo ni mbovu."

Akacheka. Akaeleza kwamba vinasaba vinavyogusa uzito ni mamia, kila kimoja kinasukuma kidogo tu, na vingi vinafanya kazi yake kwenye ubongo: njaa ianze lini, shibe ifike lini. Mwili mmoja unasema basi sahani ikiwa nusu. Mwingine sahani imekwisha na bado unaomba. Tena watu wawili wakila sawasawa kabisa, mmoja anaweza kuweka akiba ya mafuta nyingi kuliko mwenzake.

"Kwa hiyo ni kuzaliwa tu," akasema wifi, akiufunga mkoba kwa furaha. "Tule tupendavyo."

"Hapana, mama. Chakula, usingizi na mazoezi vina sehemu yao. Lakini watoto waliolelewa meza moja wakitofautiana hivi, usikimbilie kutafuta mwizi." Akanigeukia. "Wiki hii niandikie kila kinachotoka na kila kinachorudi."

"Kinachorudi?"

"Mabaki. Yule mdogo anamaliza sahani yake?"

Miaka kumi na nne nimewafokea watu kiwandani kwa kusahau kuandika marejesho.

"Hamalizi," Bonge akasema. "Anaacha nusu."

"Na hiyo nusu anakula nani?"

"Mama. Akiwa amesimama jikoni."

Wifi aligeukia dirishani, mabega yakamtikisika.

Nikaandika. Mizani ya jikoni, daftari, kalamu. Jioni ya kwanza Njiti alirudisha nusu ya sahani, ya pili zaidi ya nusu. Bonge nilikuwa nimemwomba ale, akala, hakurudisha punje. Jumamosi akaenda kulala kwa shangazi yake. Nikasawazisha sukari kwenye kopo, nikachora msalaba juu yake kwa mpini wa kijiko, nikafunga kufuli, nikatundika ufunguo kwenye msumari ulio juu kabisa ya friji.

Jumapili asubuhi msalaba haukuwepo.

Nilimwita Njiti. Alikuja na sukari kidevuni.

"Ufunguo umeufikiaje?"

"Nimepanda friji."

"Umelamba vijiko vingapi?"

"Sita. Au saba."

"Umeanza lini?"

"Darasa la pili."

"Na dada yako alipokuwa anaitwa mwizi, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwepo. Hakuna aliyeniuliza mimi."

Baba yao, aliyekuwa anakunywa chai, akapaliwa ghafla na kwenda kunyoa ndevu alizokwisha kunyoa. Mimi nikamfungua Njiti mdomo. Meno mawili ya nyuma yalikuwa meusi. Huyu ndiye niliyekuwa namwonyesha wageni kama mfano wa mtoto mwenye afya.

Mchana wote nilikuwa nafanya mazoezi ya kuomba msamaha mbele ya sufuria. Sufuria ilinielewa haraka. Bonge aliporudi jioni na shangazi yake, nilimweka kwenye kiti.

"Nilikosea hesabu," nikasema.

Akasubiri.

"Na nilikuita mwizi. Hukuwa mwizi. Nisamehe, mwanangu."

"Uliniita mara nne," akasema. "Na ya nne ilikuwa mbele ya shangazi."

Wifi alikuwa ameshavuta kiti. Nikarudia yote mbele yake, tangu mwanzo, naye akanisikiliza kama anayesikiliza taarifa ya habari. Nilipomaliza, akamwambia Bonge, "Na mimi nilikuambia ukiri. Nisamehe, shangazi. Nilisahau nilivyokuwa nalia."

Bonge akafikiri. "Kufuli nipewe mimi. Niweke kwenye droo yangu. Njiti anaiba na kalamu."

Akapewa. Sukari ikahamia kazini kwangu, stoo, rafu ya juu.

Usiku huo kila mtu alijipakulia. Bonge alichota upawa mmoja na nusu, akasita, akanitazama. Nikaangalia ukuta. Akaongeza nusu, akala polepole mpaka mwisho. Njiti aliacha wali wake kama kawaida. Nikanyanyuka, nikaibeba sahani kuelekea jikoni, kijiko tayari mkononi.

"Mama," Bonge akaniita, akilisogeza daftari kwangu. "Hiyo nayo iandikwe."