Ubeti wa Sita

Jumatatu moja ya mwaka 1993, saa kumi alasiri, Mwalimu Hajira alikuwa barazani kwake Kibiti akisahihisha insha za kidato cha pili juu ya faida za nyuki. Marehemu akaingia kama kawaida, akaketi kwenye benchi, akaanza kuchuruzika. Hajira alisogeza madaftari yasilowe, akaendelea na nyuki.

Wanafunzi waliokuja kuchota maji walimwamkia marehemu shikamoo, kwa kuwa alikuwa mkubwa wao, ingawa kwa kiasi gani hawakuwa na hakika. Alizama mwaka wa sabini na nne akiwa na miaka kumi na tisa, na tangu hapo hakuongeza hata mmoja. Mmoja wao alimwekea ndoo chini ya benchi. Mwalimu wa usafi alimsifu mwanafunzi huyo mbele ya shule nzima.

Jina la marehemu halikujulikana. Mama yake mzazi, Bi Sijaona, aliyehamia Kibiti kutoka Mbwera, hakulijua pia. Alikumbuka uchungu wa kumzaa, alikumbuka surua aliyougua na namna alivyopenda ukoko wa wali, lakini alipotaka kumwita mdomo ulifunguka na kufungwa mtupu. Basi akawa anamwita “wewe”, na marehemu alikuwa akiitika.

Jina lilipotea pamoja na ubeti. Babu yake Hajira, Mzee Mwinyimvua, alikuwa ametunga shairi la beti nane juu ya mashua ya wavunaji mpunga iliyopinduka kule deltani. Walizama watano, na kila mmoja alipewa ubeti wake. Nakala ilikuwa moja tu, ndani ya daftari alilotunza Bi Sijaona. Miaka mitatu nyuma Mzee Abdalah aliliazima kwa juma moja, akalirudisha limefungwa vizuri kwenye mfuko wa nailoni, na ubeti wa sita haumo. Palikuwa na dirisha la mstatili lililokatwa kwa wembe. Tangu siku hiyo, hata waliolijua shairi kwa moyo walipofika hapo walinyamaza, wakapepesa macho, kisha wakaendelea na wa saba. Na tangu siku hiyo binti huyo marehemu akawa anakuja alasiri.

Mzee Abdalah ndiye aliyekuwa nahodha wa mashua ile, na ndiye pekee aliyefika ufukweni. Sasa biashara ilikuwa huria, naye alikuwa amenunua boti ya faiba yenye injini mbili, ya kubebea abiria na kamba wa kuuza, kutoka Nyamisati hadi Mbwera. Kamati ya uzinduzi wa boti ilitaka kuchapa shairi lile katika kijitabu, likiwa kamili. Kijitabu chenye shimo, walisema, hakipendezi mbele ya mgeni rasmi.

Hajira alilaza daftari mezani, akamweka Bi Sijaona upande mmoja na mwalimu mwenzake Badru upande wa pili. Badru alikuwa malenga. Alikuwa ameshinda mashindano mawili ya redioni, na hakuna aliyekaa naye dakika tano bila kuarifiwa.

Hajira akaeleza. Shairi ni la mishororo minne kila ubeti, kila mshororo mizani kumi na sita, nane kwa nane. Mshororo wa nne haubadiliki: *Maji yametenda yake, majina tuyatamke.* Zaidi ya hapo, babu alilifunga kwa mkufu: kipande kinachomaliza mshororo wa tatu ndicho kinachofungua ubeti unaofuata. Mshororo wa tatu wa ubeti wa tano unasema:

*Wanne wakawa kimya, akabaki mmoja tu*

Kwa hiyo ubeti wa sita ulianza na *Akabaki mmoja tu*. Na ubeti wa saba unafunguka hivi:

*Mkono wa mwenye saa, ukafika nchi kavu*

Kwa hiyo mshororo wa tatu wa ubeti wa sita uliishia na *mkono wa mwenye saa*. Vina navyo vimejulikana, *tu* katikati na *a* mwishoni. Mizani sitini na nne za ubeti, thelathini na mbili zimerudi. Lakini babu alikuwa akiweka jina katika mshororo wa pili, na mshororo wa pili wote umekwenda.

Bi Sijaona alisikiliza mpaka mwisho. Miaka yote walidhani ubeti wa saba unamsifu nahodha kwa kuokoka.

“Mwaka ule Mbwera nzima saa ya mkononi ilikuwa moja,” alisema. “Tulikuwa tunamuuliza yeye wakati wa kufuturu.”

Wote wakautazama mkono wa kushoto wa marehemu. Kifundo kilikuwa na alama nne za vidole na moja ya gumba. Zilikuwapo siku zote. Hakuna aliyewahi kuuliza, kwani si adabu.

Badru alisema nusu ubeti ni nusu chapati, haiwekwi mbele ya wageni. Akaomba kalamu ya risasi. Baada ya robo saa alisimama, akakohoa kimalenga, akaghani:

*Akabaki mmoja tu, maji shingoni yajaa,*
*Johari mwana wa watu, mwanga wake ukapaa,*
*Ukamvuta kwa utu, mkono wa mwenye saa,*
*Maji yametenda yake, majina tuyatamke.*

Mizani zilitimia. Vina vilitimia. Marehemu aliacha kuchuruzika. Nguo zake zilikauka, alama za vidole zikafifia, nywele zikajisuka zenyewe kwa mtindo uliokuwa umeingia karibuni kutoka Dar es Salaam. Akasimama, akatabasamu, akasema kwa sauti nzuri kwamba yeye ni Johari na anamshukuru Mzee Abdalah.

“Umeona?” Badru alisema. “Amepona.”

Bi Sijaona alimzunguka yule msichana mara moja, akamnusa shingoni.

“Mzuri,” alisema. “Lakini si wangu. Wangu alisukumwa.”

Hajira alimwambia kwamba wakiufuta ubeti ule, binti atarudi kwenye maji, na pengine jina halitapatikana kamwe.

“Mwanangu Hajira, jina amenyang'anywa. Nisimnyang'anye na kifo chake. Futa.”

Hajira alifuta. Ilichukua muda, maana Badru alikuwa ameandika kwa kukandamiza. Msichana alilowa kuanzia chini kwenda juu, na ndoo ikaanza kulia.

Kijitabu kilichapwa jinsi Hajira alivyoamua: vipande viwili vilivyothibitishwa mahali pake, kibwagizo, na kwingine nukta, moja kwa kila mizani. Kamati ilikasirika, lakini karatasi zilikuwa zimekwisha.

Siku ya uzinduzi Hajira alighani gatini Nyamisati. Kwenye nukta alinyamaza, akihesabu mizani kwa vidole. Watu mia tatu walinyamaza naye, wakisikiliza maji yakidondoka kutoka kwa mtu mmoja. Alipotamka *mkono wa mwenye saa*, wote walimgeukia Mzee Abdalah kwa pamoja, kama wanaotaka kujua wakati. Mzee Abdalah alitazama saa yake, akasema ni saa nne na robo. Mgeni rasmi akashukuru, akakata utepe. Watu wakapiga makofi. Usafiri ulikuwa umehitajika siku nyingi.

Juma lililofuata Bi Sijaona alikwenda Mbwera kwenye arusi ya mpwa wake. Boti nyingine haikuwapo. Karani wa boti aliandika jina lake kwenye orodha ya abiria, kisha akamtazama aliyesimama nyuma yake, akiwa amelowa.

“Na huyu, bibi?”

“Ni binti yangu.”

Karani aliacha mstari mmoja mtupu, akaupa namba, akawaonyesha viti viwili nyuma, karibu na injini. Marehemu aliketi upande wa maji. Mzee Abdalah mwenyewe alikuja kukagua abiria, akahesabu vichwa, hesabu ikalingana na orodha. Akatia sahihi, na boti ikaondoka.