Alama ya Sufuria Kwenye Barua ya Amana

Marehemu Manuel Silveira aliacha nyumba moja yenye milango miwili, nusu yao na nusu ya wapangaji, deni dogo la benki, na sanduku la viatu lililojaa risiti. Mkewe Odete alirithi vyote vitatu, na alichokiogopa zaidi ni sanduku. Kwa miaka thelathini na minane Manuel ndiye aliyewaandikia wapangaji barua za kuwarudishia amana zao, fedha za dhamana walizoweka walipoingia. Sasa Ramina Yonan na mama yake Shamiran, waliokaa upande wa pili wa ukuta kwa miaka saba, walikuwa wamerudisha funguo na kuhamia Sacramento, na kalamu ikamwangukia Odete.

California haina mchezo katika jambo hilo. Tangu mpangaji atoke, mwenye nyumba ana siku ishirini na moja za kutuma amana iliyobaki, pamoja na barua inayotaja kila alichokata na sababu yake, risiti zikiwa zimeambatishwa. Akizembea, hana haki ya kubakiza hata senti. Odete hakujali senti. Alichoogopa ni kumdhulumu Shamiran. Manuel alipougua na kulala kitandani miezi minne, Shamiran alivuka uani kila alasiri na birika la chai, akakaa na mgonjwa ili Odete apate kujinyoosha. Odete alikuwa na Kireno chake, Shamiran na Kiashuri chake, na Kiingereza cha wote wawili kilichechemea, lakini walielewana vizuri kuliko watu wengi wa mji wao wa Turlock wanaozungumza lugha moja.

Shemeji yake Gil, mdogo wa Manuel, alikuja kumsaidia kukagua. Gil ni mtu mwema, ila ukimpa kidole anahesabu mkono mzima. Alizunguka vyumba vyote, akasugua zulia kwa kiatu, akasema zulia jipya ni dola elfu moja na mia tisa, amana ni elfu moja na mia tano, kwa hiyo hakuna cha kurudisha.

"Shemeji, huruma haitalipa benki," alisema. "Kata zulia, kata na rangi, mambo yaishe."

Odete alifungua sanduku. Mali bila daftari huisha bila habari, na Manuel alikuwa mtu wa daftari hadi mifupani. Chini kabisa palikuwa na risiti ya zulia, ya miaka kumi na miwili iliyopita. Zulia la aina ile huhesabiwa kuishi miaka kumi, basi lilikuwa limekwisha kufa kifo chake chenyewe. Rangi nayo ilikuwa na miaka saba, imefifia kwa jua na kwa kuishi tu, na kuishi hakukatwi. Alimwonyesha Gil karatasi. Gil aliisoma mara mbili, akaomba kahawa.

Kilichobaki kilikuwa kidogo. Pazia moja la vibao vya plastiki lilikuwa limevunjika: dola thelathini na nane, risiti ya duka. Jiko la kuokea lilikuwa na mafuta yaliyoganda, akamwita mwanamke wa usafi: sitini na tano. Halafu kaunta ya jikoni. Karibu na jiko palikuwa na duara jeusi, pana kama sahani, mahali ambapo mtu aliweka sufuria la moto moja kwa moja. Fundi alibadilisha kipande hicho kwa dola mia mbili na arobaini. Kaunta yenyewe ilikuwa imetumika nusu ya umri wake, kwa hiyo Odete alikata nusu, mia na ishirini.

Hapo mkono ulisita. Alitaka kuliacha lile duara lipite. Lakini alimjua Shamiran. Ni mwanamke anayerudisha bakuli la jirani likiwa na kitu ndani, na angeona amehesabiwa kuwa maskini wa kusamehewa. Isitoshe, Manuel alikuwa na kanuni yake: usiulize nani amechoma, uliza imegharimu ngapi. Odete aliandika. Amana, elfu moja na mia tano. Makato, mia mbili ishirini na tatu. Hundi, elfu moja na mia mbili sabini na saba. Aliambatisha risiti na picha, akaposta siku ya kumi na tano, na usiku huo alilala vizuri kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Siku ya kumi na nane Ramina alipiga simu. Alikuwa na furaha hadi maneno yanagongana. Alisema amepanga nyumba nne tangu afike nchi hii, na hii ni mara ya kwanza amana kurudi bila ugomvi. Aliisoma barua yote kwa mama yake, risiti moja baada ya nyingine, na mama aliitikia kila moja kwa kichwa.

"Anasema ni haki tupu, Mama Odete. Anasema Mungu awarehemu walioifundisha familia yako hesabu. Hata ile kaunta anasema ni yake, asilaumiwe mwingine."

Odete alicheka. Moyo ulikuwa mwepesi, akataka utani kidogo. "Mwambie nimekaa naye ukuta mmoja miaka saba, sijawahi kumwona akiunguza hata kitunguu. Siku hiyo alikuwa anapika nini?"

Ramina alishusha sauti.

"Alinikataza nisiseme," alisema. "Alikuwa anapika dolma, yale majani yake ya mzabibu yenye wali, za kuwaletea ninyi. Ilikuwa ile siku Baba Manuel alipotutoka. Alikusikia kupitia ukuta, ukipiga yowe. Akalitoa sufuria motoni, akaliweka popote, akakimbia."

Odete aliketi. Aliikumbuka ile siku kwa vipande tu, lakini kipande hiki alikuwa nacho: Shamiran mlangoni, miguu mitupu kwenye baridi ya Februari, kitambaa cha jikoni bado begani. Ndiye aliyemfumba Manuel macho. Ndiye aliyemshika Odete mpaka Gil alipofika, na hakurudi kwake mpaka giza lilipoingia. Kumbe wakati wote huo kule jikoni sufuria lilikuwa linaiunguza kaunta, na yeye Odete amemtoza, nusu bei, kwa haki tupu.

Alilia, bila kuficha, na Ramina akasubiri. Kisha alimwomba amwambie mama yake jambo moja tu, kwamba barua ile ina kosa na inasahihishwa.

Gil alipopita jioni alimkuta mezani na hundi ya pili, ya dola mia na ishirini, na barua mpya. Alianza kusema kwamba hesabu iliyokwisha tumwa imekwisha, halafu akausoma mstari wa kaunta, akavua kofia.

Odete alikuwa ameandika: "Kaunta ya jikoni, dola sifuri. Nilikata kwa makosa. Mpangaji aliweka sufuria la moto tarehe 11 Februari kwa sababu mwenye nyumba aliita. Gharama ni ya mwenye nyumba." Akajumlisha upya: makato, mia moja na tatu, jumla iliyorudishwa, elfu moja na mia tatu tisini na saba. Chini ya jumla, mahali ambapo Manuel alikuwa akitia sahihi tu, aliongeza mstari ambao hakuna sheria inayoudai.

"Shamiran, asante kwa kuliacha sufuria ukaja."