Chupa ya Baba Mkwe

Mpe mkamwana chupa ya mkojo ya baba mkwe wake ailinde, umemtwisha mzigo na aibu juu yake. Mkamwana huyu, fundi cherehani, aliyajua hayo tangu asubuhi, nesi alipomkabidhi chupa yenye mistari na kumwambia kila kitakachotoka kipimwe. Mumewe alikuwa safarini. Mzee alikuwa na malaria kali, sindano zinaendelea, dripu inadondoka, na kila chupa ilipotajwa aligeukia ukutani.

Basi nesi akiuliza, mkamwana hujibu, "Amekojoa," macho chini. Nesi, mwenye vitanda ishirini mkononi, akaandika na kupita. Kumbe kutwa nzima mzee alikuwa ametoa kijiko tu, cheusi kama kahawa, naye mkamwana akakimwaga upesi watu wasione. Sasa angeanzaje kuutangaza mkojo wa mkwewe mbele ya wodi nzima? Mama wa kitanda cha jirani akamshauri amnyweshe maji mengi yaoshe figo. Akamnywesha, kikombe baada ya kikombe. Roho haikutulia hata hivyo. Alikaa, akainuka, akakunja shuka lililokwisha kunjwa.

Saa tisa alasiri nesi akaja na dripu nyingine. Akauliza lile lile. Mzee alikuwa anahema kama mtu aliyepanda ngazi mbio. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa aliyekuwa akificha ni yeye, si mzee.

"Nesi, nimekudanganya. Hajakojoa. Ni kijiko tu tangu asubuhi, tena cheusi."

Nesi hakumgombeza. Aliifunga dripu, akamkalisha mzee, akamwekea oksijeni na kumwita daktari. Daktari akasikiliza kifua, akaagiza damu ipimwe na mpira wa mkojo uwekwe. Ukatoa matone tu. Akamweleza fundi taratibu kwamba malaria kali huweza kuzidhuru figo, na figo zikigoma, maji hayana pa kutokea, yanaanza kuingia mapafuni. Aliyekaushwa na kuharisha angejazwa maji upesi. Huyu wa kwake alitakiwa apimiwe maji kidogo kidogo. Sindano za malaria ziliendelea, na jioni ile gari la wagonjwa likampeleka hospitali yenye mashine ya kusafisha damu.

"Ningeifungua hii ya pili," nesi alimwambia mlangoni, "tungemzamisha kitandani."

Fundi alilia njia nzima.

Siku ya kumi na mbili, kwenye wodi nyingine, mzee alimrudishia mkamwana chupa bila kugeukia ukutani. Ilikuwa na uzito. Akaiinua kwenye mwanga, akausoma mstari, na sauti ikamtoka kabla hajaizuia.

"Mia tatu na hamsini!"

Vichwa vikageuka. Akaona haya, akataka kujificha nyuma ya shuka.

"Rudia, mwanangu," mzee akasema. "Yule wa kitanda cha mwisho hajasikia."

Akarudia, kwa sauti kubwa zaidi, kisha akaandika.