Alama za Penseli Ukutani

Mke wa Mwalimu alikuwa na miezi saba kaburini, lakini jikoni kwake vyombo bado vilisukumana kama abiria. Sufuria, mikebe ya viungo na vikaango vilijaa kaunta nzima. Miaka mitatu alimwomba mumewe alete fundi wa kufunga rafu. Mumewe alijibu kesho, na kesho ikazaa kesho nyingine.

Mwishowe aliitwa fundi mmoja, mwanamke wa makamo aliyebandikwa jina la Pimamaji, kile kifaa cha kupimia usawa, kwa kuwa hakuliamini jicho lake hata siku moja. Alipoondoa kalenda ukutani alimwita Mwalimu. Nyuma ya kalenda palikuwa na misalaba midogo ya penseli, na kando ya kila mmoja neno: miko, kikaango, chumvi.

Mwalimu aliujua mwandiko ule. Mgongo ukamsisimka, kana kwamba mtu amesimama nyuma yake.

“Ni za marehemu. Fuata hizo,” alisema. “Usihamishe hata moja.”

Fundi alimkumbusha kwamba reli ya kutundikia vyombo ingekuwa chini mno kwa mtu mrefu kama yeye. Mwalimu akasema atainama. Basi fundi akapitisha kifaa cha kutafutia waya, na kwenye msalaba wa pili kikalia. Ulikuwa juu ya soketi, sawasawa. Waya hupanda wima ndani ya plasta, na drili ingeukata.

“Marehemu alipima vizuri, baba. Ila hakuwa na wa kumwambia kwamba hapa pana waya.”

Mwalimu aliketi. Alikumbuka jioni moja mkewe alivyomwita kutoka jikoni, aje amshikie ncha ya futi. Alimjibu kuwa anasoma gazeti. Hakuitwa tena.

Fundi hakumharakisha. Baada ya muda mzee akainuka, akashika ncha ya futi mwenyewe, na akachora msalaba mpya shubiri moja pembeni. Umeme ukazimwa, fundi akatoboa kwa drili yake ya betri, akapachika vijiti vya plastiki matunduni, akakaza skrubu. Pimamaji ikaonyesha reli imelala sawa, kulabu zikaning'inizwa, rafu ikakaa juu ya reli, na vyombo vikahamia huko.

Alasiri kaunta ilikuwa nyeupe, tupu. Mwalimu hakuwahi kuiona hivyo, na utupu ule ukamtisha. Fundi alipofungua mlango kutoka, upepo ukapita na miko ikagongana polepole, kama ya mtu anayepika.

“Nikuletee vipira vya kuzuia kelele?”

“Acha,” alisema Mwalimu. “Viache viongee.”

Alibaki peke yake, akabandika maji ya chai, akainama na kutundua vikombe kwenye kulabu. Maji yalipochemka ndipo alipotambua kuwa ameviweka viwili kauntani. Hakukirudisha cha pili. Alimimina chai katika vyote viwili, akavuta kiti, akaketi akisikiliza.