Miaka Kumi na Mitatu Juu ya Mchuchumio

Faudhia alizaliwa mfupi na hakupenda kukumbushwa. Tangu aajiriwe mapokezi katika hoteli moja ya ghorofa pale Ruangwa mjini, miaka kumi na mitatu sasa, hakuna mgeni aliyewahi kuuona urefu wake halisi. Asubuhi aliingia kazini na viatu vya mchuchumio, jioni akatoka navyo, na katikati akapanda na kushuka ngazi akiwaonyesha wageni vyumba. Bosi wake, Filbert, hakumlazimisha. Alisema tu kwamba mapokezi ndiyo sura ya hoteli, akamwachia aelewe mwenyewe. Nyumbani kwao Naipingo walimtania kwa jina la Mama Ngazi. Alicheka nao, lakini moyoni alijisifu, maana mama yake alizikwa na miguu iliyopasuka kwa kulima, na yeye ya kwake ilikuwa laini kama ya mtoto.

Ulaini wenyewe ulikuwa wa ngozi tu. Akiamka alitembea kwa ncha za vidole kutoka kitandani hadi bafuni, kwa sababu visigino viligoma kufika sakafuni. Ikifika saa sita mchana, mbele ya wayo pale chini ya vidole paliwaka kana kwamba amekanyaga kaa la moto. Kidole gumba kilikuwa kimelala juu ya mwenzake na kuota kinundu pembeni. Magoti nayo yalilia kwenye ngazi. Sala alikuwa akisali juu ya kiti, na umri wake ni miaka arobaini na moja. Yote hayo aliyavumilia, akayaita uchovu. Mtu akipenda chongo huita kengeza.

Kilichomtoa kwenye uvumilivu ni Sikuzani.

Sikuzani alikuwa mtoto wa marehemu dada yake, Saada, na ndiyo kwanza yuko kidato cha kwanza. Katika ukoo wao, mwali anapotolewa unyagoni hubebwa mabegani na somo wake, kutoka chumba alichowekwa hadi kwenye mkeka uliotandikwa upande wa pili wa uwanja. Njiani hagusi chini. Na mwali asiye na mama, yule aliyembeba hadi mkekani ndiye anayeondoka naye kwenda kuishi. Saada kabla ya kukata roho alimtaja Faudhia awe somo, na wazee wakakubali. Lakini upande wa baba alikuwepo shangazi Mwanahawa wa Nandagala, mwanamke mwenye mabega ya kubeba gunia na moyo usiopindapinda, ambaye alishasema hadharani kwamba mtoto wa kike akijua kusoma barua inatosha. Kama Faudhia angeshindwa kufika mkekani, Mwanahawa ndiye angembeba, Sikuzani angekwenda Nandagala, na shule ingekuwa basi. Faudhia hakuwa amejaliwa mtoto. Alimpenda yule binti hadi alikuwa akimwogopea.

Wiki tano kabla ya siku yenyewe alijaribu. Jikoni pale hotelini, Dionisia mpishi alimtwisha mabegani nusu gunia la mchele. Faudhia akavua viatu, akasimama, visigino vikabaki juu. Alipolazimisha vishuke, alivutwa nyuma ya miguu hadi akataka kuanguka chali.

"Hiyo siyo miguu, dada," Dionisia alisema akiutua mzigo. "Nenda Nachingwea. Kuna bwana mmoja wa mazoezi ya viungo hospitalini, Anselmo. Mume wangu alikuwa hainuki, sasa analima."

Anselmo alikuwa mtu wa maneno machache. Alichukua rula, akapima kisigino cha kiatu alichokuja nacho: sentimita kumi. Kisha akamwambia asimame pekupeku mbele ya ukuta, apeleke goti likaguse ukuta bila kuinua kisigino. Faudhia alisogea, akasogea tena, hadi vidole vyake vikawa vimegusa ukuta. Goti halikufika.

"Msuli wa shavu la mguu umezoea kukaa umefupishwa," Anselmo alimweleza. "Na hii kano inayokishika kisigino imekakamaa. Kila siku kwa miaka kumi na mitatu umeiambia haina haja ya kunyooka, nayo imekusikia. Uzito wako wote umeusukuma mbele, vidole vikabanwa kwenye ncha ya kiatu. Goti nalo linatembea limekunjwa kidogo, hivyo ile pia, mfupa wa mbele ya goti, inasagwa, zaidi kwenye ngazi."

"Itanyooka?"

"Itanyooka, kwa polepole. Usivivue ghafla." Alirudia hilo mara mbili. "Watu wengi wanakosea hapo. Anaambiwa viatu vinamuumiza, kesho yake anavaa kandambili. Kano iliyokakamaa ukiilaza chini kwa siku moja inachanika kidogo kidogo. Wewe shuka kwa hatua. Tafuta cha sentimita saba, kisigino kipana, mbele pawe papana ili vidole vicheze. Mwezi ujao cha tano, baadaye cha tatu. Njiani vaa cha chini kidogo, kile kirefu kiache cha saa chache kazini. Asubuhi na jioni sukuma ukuta, mguu wa nyuma umenyooka, kisigino chini, uhesabu thelathini. Halafu rudia goti likiwa limekunjwa. Usivute hadi uumie."

Akamkatia kipande cha sponji ngumu, akakibandika ndani ya kiatu, nyuma kidogo ya pale panapowaka, ili uzito usielemee pale.

"Na mzigo?" Faudhia aliuliza. "Mwisho wa mwezi ujao nina mzigo wa kubeba. Mabegani. Hatua kama hamsini."

"Wa kilo ngapi?"

"Arobaini hivi."

Anselmo alimtazama. "Ningekuwa wewe ningemwachia mwingine. Kama hakuna mwingine, ubebe na viatu vyenye kisigino kipana cha kiasi, na usiruke. Pekupeku hapana."

Faudhia aliitikia kwa kichwa. Hakumwambia kwamba uwanja wa unyago hukanyagwa pekupeku, wala hakumwambia kwamba mzigo wenyewe ni mtoto. Aliona aibu, na aibu ni mshauri mbaya kuliko adui.

Siku kumi za kwanza alifuata maagizo. Alinunua viatu vya kisigino kipana, akasukuma ukuta chumbani asubuhi na jioni. Moto wa mbele ya wayo ulipungua kweli, na hata ngazi zilimpa nafuu. Lakini alipopima goti ukutani, alikuwa amepata upana wa vidole viwili tu, na siku zilikuwa zinakimbia. Hapo ndipo akili ya nyumbani ilipomwingia. Wote waliolelewa Naipingo wanajua kwamba mguu mvivu dawa yake ni udongo. Mtoto akichelewa kutembea hupelekwa shambani, na mgonjwa akiinuka kitandani hukanyagishwa umande. Faudhia akaomba likizo, akaviacha viatu vyote Ruangwa, akaenda kwao kuvuna ufuta.

Alikata ufuta pekupeku kutwa nzima kwa wiki mbili, akabeba matita hadi kwenye kichanja cha kukaushia, na jioni akabeba ndoo. Wanawake walimsifu kwamba Mama Ngazi ameshuka. Siku ya tatu nyuma ya kisigino cha kulia palianza kuuma. Siku ya saba palivimba, pakawa panakwaruza kila akichezesha wayo. Alinunua vidonge vya maumivu dukani, akameza asubuhi na usiku, na maumivu yakanyamaza. Naye akaamini amepona. Kidonge hakikuwa kimeunga kitu. Kilikuwa kimemziba masikio tu.

Siku ya kutolewa mwali, uwanja ulijaa tangu asubuhi. Ngoma zilikuwa zimeshachachamaa Bi Somoe, nyakanga mwenyewe, mkuu wa unyago, alipomtoa Sikuzani chumbani. Binti alikuwa amefunikwa kanga mbili, macho chini, mafuta yanamchuruzika shingoni. Faudhia akapiga goti, akaumeza uchungu wa goti, na wanawake wawili wakamweka mwali mabegani mwake. Akainuka. Vigelegele vikapanda.

Hatua ya kwanza hadi ya ishirini zilikwenda vizuri, naye akaanza kucheka peke yake. Alihisi mapaja ya mtoto yakitetemeka pande mbili za shingo yake, akamshika miguu kwa nguvu. Akamwaza akiwa na sare ya shule pale chumbani kwake Ruangwa, vitabu vimetapakaa kitandani. Aliuona mkeka. Kabla ya mkeka palikuwa na kijimfereji cha maji ya mvua, kikavu, kina chake hakifiki shibiri moja. Alishusha mguu wa kulia ndani yake, kisigino kikagusa chini, akajisukuma kwa vidole apande upande wa pili.

Kitu kililia nyuma ya mguu wake kama kijiti kikavu kikivunjika. Alidhani kuna mtu amempiga teke, akageuka kumtafuta. Hapakuwa na mtu. Mguu ukamkatalia, na wakaenda chini wote wawili.

Ngoma zilinyamaza moja baada ya nyingine. Sikuzani alikuwa amekaa mavumbini, kanga imemteremka usoni, mkono ameukumbatia kifuani. Faudhia alijaribu kuinuka. Akausukuma wayo, nao haukujibu kitu. Kesho yake hospitalini Anselmo alikuja kulibonyeza lile shavu la mguu, Faudhia akiwa amelala kifudifudi, wayo haukutikisika hata kidogo, na bwana yule akasema kwamba kano imekatika. Lakini pale uwanjani Faudhia hakuhitaji kuambiwa.

Bi Somoe aliinama, akauona uvimbe wa kisigino. Uso wake ulijaa huruma, na hiyo ndiyo iliyouma zaidi.

"Una mguu mbovu, mwanangu, na hukusema?"

"Somo habebi na viatu, bibi."

"Nani kakwambia? Mwaka juzi somo wa mjukuu wangu alibeba na raba, alikuwa na kidonda. Tunachokataza ni mwali kugusa chini. Viatu ungeniomba tu."

Faudhia hakuomba kwa sababu aliogopa watacheka, kwamba Mama Ngazi hata mwali wake anambeba juu ya viatu.

Mwanahawa alishafika. Hakutamba wala hakutabasamu. Alichuchumaa mbele ya mwali, nyayo zake pana zimelala chini zote, visigino hadi vidole, akageuza mgongo tayari kumpokea. Wanawake walimwinua Sikuzani kwa uangalifu kwa sababu ya mkono. Mwali haruhusiwi kusema neno hadi akalishwe mkekani, na yule mtoto alikuwa mtiifu kupita kiasi. Lakini alipopitishwa juu ya Faudhia aliinamisha kichwa, akanong'ona.

"Nisamehe, mama mdogo. Mimi ni mzito."

"Siyo wewe," Faudhia alisema. "Sikuzani, siyo wewe, ni miguu yangu."

Ngoma zilikuwa zimeanza tena na vigelegele vimepanda, na Mwanahawa alikuwa ameshavuka mfereji. Faudhia alilirudia neno hilo kwa sauti kubwa zaidi, mara ya tatu na ya nne, akijiburuta kwa viwiko, hadi Bi Somoe alipomshika bega na kumwambia kwamba mtoto ameshafika mkekani na hasikii.