Pana Uzito Kidogo

Latifa hakuwa mtu wa kampuni wala mtu wa wavuvi, na mwaka ule ambao wageni wa gesi walikuwa wakimiminika Palma, kaskazini mwa Msumbiji, kukaa katikati namna ile hakukuwa jambo la heri. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alizaliwa kijiji kilekile kilichovunjwa kupisha mitambo ya gesi ya Afungi, akasomea Pemba, akarudi na Kireno kilichonyooka. Kwa hiyo kampuni iliyopewa kazi ya kulisha wafanyakazi wa kambi ilipotaka kununua samaki wa pwani, ikamwita awe mkalimani.

Aliyemwita ni Gilberto, mkuu wa manunuzi, mtu wa Beira, mpole wa sauti. Kabla ya mazungumzo Latifa alimweleza wazi kwamba muuzaji, Carimo, ni binamu wa marehemu mama yake.

“Palma nzima ni binamu zako, mana Latifa,” Gilberto akacheka, akimwita dada kwa Kireno. “Wewe sema anachosema, basi. Usiongeze, usipunguze.”

Latifa akaitikia. Aliujua uzito wa kazi hiyo kuliko Gilberto alivyodhani. Wakati wa mikutano ya kuhama alikuwa amekaa nyuma pamoja na wanawake, akawasikia wazee wakisema, “Tumesikia,” kwa heshima, ili mgeni asiaibike. Na mkalimani wa siku hiyo akageuka kwa wakubwa akasema wamekubali. Watu wakahamishwa na neno ambalo hawakulisema.

Carimo mwenyewe ni mmoja wa waliohamishwa. Zamani bahari ilikuwa mlangoni pake. Sasa alikaa Quitunda, kijiji kipya cha waliohamishwa, kwenye nyumba ya matofali iliyopangwa mstari na nyumba nyingine zinazofanana nayo kama punje za mahindi, na kuifikia bahari ilimbidi apande basi. Lakini biashara hakuiacha. Alikusanya samaki kwa wavuvi, akawalipa pesa taslimu palepale ufukweni, akapakia samaki kwenye masanduku ya barafu, akauza.

Gilberto alikuwa amekwisha kutoa masharti yake: bei ya kilo, mzigo mara tatu kwa wiki, na malipo siku thelathini baada ya kupokea. Siku hiyo Carimo alikuja kujibu. Walikutana kwenye kontena lililogeuzwa ofisi, pembeni mwa kijiji. Carimo alivaa kanzu iliyopigwa pasi, na nyuma yake akakaa Dauto, mchuuzi mwenzake wa samaki, mdogo kwake kwa umri, aliyekuja kusikiliza tu.

Carimo akaanza na bei, na akaanza kwa kishindo.

“Bei hii? Wallahi haiwezekani! Changu wa kuvuliwa usiku, na barafu juu yake, na mafuta ya injini, mnipe hii? Bora niwatupie paka!”

Akapiga meza. Gilberto akaandika. Carimo akapita kwenye siku za mzigo, akasema hizo zitapangika, mradi siku bahari ikichafuka asitozwe faini, maana bahari haina bosi. Kisha akafika kwenye malipo. Hapo sauti ikashuka, akatazama viganja vyake.

“Na hizo siku thelathini… hapo pana uzito kidogo. Lakini tutaona, Mungu akijaalia.”

Latifa aliielewa sauti ile. Mtu yeyote wa pwani angeelewa. Kelele ile ya bei ilikuwa mlango ulio wazi: mtu hupiga meza pale anapotaka kuvutana. Ile sauti ya chini ndiyo iliyokuwa ukuta. Lakini maneno hayo, yakivuka kwenda kwenye Kireno jinsi yalivyo, yangepinduka: bei haiwezekani kabisa, siku thelathini ni ugumu mdogo tu. Gilberto angeongeza vijisenti kwenye bei, akaziacha siku zake, akaondoka akidhani amemridhisha mtu.

Angeweza kumwambia Gilberto moja kwa moja, “Kwenye malipo hatarudi nyuma.” Lakini hayo yangekuwa maneno yake, si ya Carimo. Na kama alikosea kukisia, angekuwa amemfungia mjomba wake mlango ambao mwenyewe hakuufunga.

Akayafasiri maneno yote kama yalivyosemwa, makali kwa ukali wake, laini kwa ulaini wake. Halafu akamwambia Gilberto kwa Kireno kwamba yeye mkalimani anaomba kumuuliza muuzaji jambo moja, ili ajue wapi ni kikomo na wapi ni mazungumzo. Gilberto akaitikia kwa kichwa, shingo upande.

“Mjomba,” Latifa akasema, “nimemwambia kwamba nakuuliza, nisije nikakukosea. Kwenye bei umesema haiwezekani. Ndiyo mwisho, au inazungumzika?”

Carimo akatabasamu. “Biashara ni kuvutana, mwanangu. Aongeze, nipunguze, tutakutana.”

“Na faini siku ya bahari chafu?”

“Faini sitaki. Hiyo ni kazi ya Mungu, silipii.”

“Na siku za malipo? Zinavutika?”

Carimo akavitazama tena viganja vyake. Dauto akakohoa. “Usinibane mbele za watu, Latifa,” Carimo akasema polepole.

“Hata hilo itabidi nilifasiri, mjomba. Kila linalosemwa humu nalipeleka.”

“Basi sema uonavyo wewe.”

“Siwezi kuona kwa niaba yako.”

Mzee akamkazia macho, na Latifa akaona ndani yake hasira, na chini ya hasira aibu. Mtu muungwana hamwambii mgeni hapana usoni. Humpa kamba ndefu, mgeni mwenye akili akajirudisha mwenyewe. Na sasa mtoto wa nyumbani alikuwa akiikata kamba ile kwa kisu.

“Mwambie hivi,” Carimo akasema mwishowe. “Wavuvi nawalipa siku ileile, nisipowalipa kesho hawaji kwangu, na watoto wao hawali. Wiki moja nitakopa, nitajikaza. Ikipita wiki, siuzi. Hata akinipa bei mara mbili, siuzi.”

Latifa akafasiri yote, hata lile la kubanwa, akisema “mimi”, kama Carimo alivyosema, akiyaweka mambo mafungu mawili, yanayozungumzika na yasiyozungumzika, ili yasichanganyike. Bei: tunaweza kuzungumza. Siku za mzigo: tunaweza kupanga. Faini ya bahari chafu: sikubali. Malipo: wiki moja, ikipita siuzi, *nem pelo dobro*, hata kwa maradufu.

Gilberto akaweka kalamu chini. Kwenye bei akasogea hapohapo, tena vizuri. Faini akaifuta. Juu ya malipo akasema kwamba, kimsingi, kampuni hulipa kwa siku thelathini.

“Naomba kukuuliza na wewe,” Latifa akasema. “Kimsingi, maana yake pana nafasi, au hapana?”

Uso wa Gilberto ukabadilika. “Hapana nafasi. Malipo yanatoka Maputo. Mimi sina ufunguo.”

Akalifasiri na hilo. Kuta mbili zikasimama waziwazi ndani ya kontena, na kati yake hapakuwa na pa kupita. Carimo akainuka, akashukuru, akatoka.

Nje Gilberto alimfuata Latifa. Hakupaza sauti. “Ungeliacha lile neno lilivyotoka, leo tungetia saini.”

“Na baadaye?”

“Baadaye ni baadaye.”

Carimo alikuwa akisubiri basi. Latifa alipomkaribia, akamgeuzia bega. “Umenivua nguo mbele ya mgeni,” akasema. “Mama yako asingefanya hivyo.” Mjumbe hauawi, husema watu, lakini hawasemi kwamba huachwa peke yake barabarani.

Wiki haikuisha, Dauto akarudi kwenye kontena kwa miguu yake mwenyewe. Mara hii mkalimani alikuwa Emerson, karani wa Nampula ambaye Kiswahili chake alikiokota sokoni. Dauto, aliyeyashuhudia ya mwenzake, alichagua adabu. Alipofika kwenye siku thelathini akasema, “Pana uzito kidogo, lakini tutaona, Mungu akijaalia.” Emerson akafasiri kwamba ni vigumu kidogo, ila atajitahidi. Hakudanganya. Gilberto akaongeza bei, wakatia saini, wakapiga picha.

Kwa kuwa bei ya Dauto ilikuwa nzuri, wavuvi wakamhama Carimo. Latifa hakuitwa tena. Kisimani wanawake walinyamaza akifika, na mmoja akasema kwa sauti ya kusikika kwamba kuna watu wakisoma sana huwafungia ndugu zao riziki.

Mwezi wa kwanza Dauto aliwalipa wavuvi kwa akiba yake. Mwezi wa pili kwa mikopo. Ankara zake zilirudishwa kutoka Maputo kwa sababu ya kosa la namba ya kodi, na siku thelathini zikaanza kuhesabiwa upya. Alipokwenda kulalamika, alisema, “Niliwaambia hapa pana uzito!” Na Gilberto, kwa upole uleule, akamwonyesha saini. Kila mmoja alikuwa mkweli. Ndiyo maana hapakuwa na wa kumlaumu, na ndiyo maana ugomvi ukageukia nyumbani.

Sufo, mwenye mashua kubwa kuliko zote, alikuja na vijana wake kudai deni la samaki, wakaing'oa injini ya mashua ya Dauto mchana kweupe, majirani wakitazama. Wengine wakachukua masanduku. Asubuhi moja Dauto akaaga kwamba anakwenda Mtwara kutafuta mtaji, naye hakurudi. Mkewe Nadia alibaki na watoto wawili na mlango ambao watu waliendelea kuugonga.

Nadia alikwenda kwa Latifa, akakaa kwenye mkeka bila kuvua buibui.

“Ungekuwapo wewe siku ile,” akasema, “ungemuuliza.”

“Ningemuuliza.”

“Angekuchukia.”

“Ndiyo.”

“Bora angekuchukia,” Nadia akasema, akaanza kulia bila sauti.

Kampuni ikaacha samaki wa pwani. Samaki wa kambi wakawa wanakuja wakiwa wameganda, kwa malori yaliyofuatana na msafara wa askari, maana barabara ya Mocímboa wakati huo haikupitika kwa salama kwa sababu ya waasi. Wavuvi wachache walimrudia Carimo, lakini masanduku yake alikwisha kuyauza alipokosa mzigo, na barafu hakuwa nayo.

Latifa alimwendea siku ya Ijumaa, baada ya swala. Alimkuta kibarazani akimenya muhogo. Akamwamkia, shikamoo, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile mzee akaitikia.

“Marahaba. Kaa.”

Akakaa. Barabarani lori lilipita, likaacha vumbi juu ya nyumba zote sawasawa.

“Nimelifikiria,” Carimo akasema. “Ulisema nilichosema. Neno kwa neno. Ningetia saini ile, leo ningekuwa Mtwara, nimejificha kwa watu.”

Latifa akajipangusa vumbi magotini.

“Lakini usidhani nimefurahi,” mzee akaendelea. “Wewe umeniokoa na deni, sawa. Samaki hukuniokolea. Wala bahari.” Akachukua muhogo mwingine. “Na ile siku bado inaniuma. Ukiwa na neno moja tu limebaki la kujisitiri, halafu likavuliwa…”

“Nisamehe, mjomba.”

“Sijasema umekosa,” Carimo akasema. “Nimesema inaniuma.”

Akamsogezea kisu cha pili, na Latifa akaanza kumenya.