Falaki Isiyo na Saa

Mnajimu alichora duara kisha akaweka kalamu chini. Kwa wateja wengine, hapo ndipo huanza kuligawa katika nyumba kumi na mbili.

"Binti, saa ya kuzaliwa kweli haijulikani?"

"Mama alifariki akinizaa, mwalimu. Kila mtu alikuwa anahangaika naye. Hakuna aliyetazama saa."

"Basi hata saa ulinyimwa," alisema mama wa mchumba wake, akachekea puani.

Mchumba mwenyewe alitazama viatu vyake. Njiani alikuwa amemwambia binti: mama akiridhika na nyota zako, tunaoana mwezi ujao. Asiporidhika itakuwaje, hakusema.

"Bila saa sijui buruji gani, yaani kundi gani la nyota, ilikuwa ikichomoza mashariki," mnajimu alieleza taratibu. "Hubadilika kila baada ya saa mbili hivi. Kwa hiyo sina nyumba hata moja, na ya ndoa ikiwemo. Nimepiga falaki ya adhuhuri, katikati ya siku, ili kosa liwe dogo. Jua liko katikati ya Ndoo. Hilo halina shaka. Mwezi ndio tabu. Huenda nyuzi kumi na tatu hivi kwa siku. Siku ile ulivuka buruji jioni, karibu na saa ya magharibi. Kabla ya hapo uko Nge, baada ya hapo uko Mshale."

"Mwezi kwenye Nge ni mbaya," mama akadakia. "Nasikia hapo huanguka."

"Ndivyo tunavyosema. Lakini siwezi kusema uko Nge."

"Wala huwezi kusema hauko."

"Siwezi, mama."

Binti akashusha pumzi. Alidhani yameisha.

"Basi tumwache huyo Mwezi na uzururaji wake," mama akasema. "Niambie kisichojali saa."

Mnajimu aliokota kalamu. "Zuhura, nyota ya mapenzi, na Zohali, nyota ya vizuizi. Zimetazamana kwa pembe ya nyuzi tisini. Zuhura huenda uzi mmoja tu na kidogo kwa siku, Zohali hutambaa. Azaliwe asubuhi, azaliwe usiku, pembe ni ile ile."

"Maana yake?"

"Upendo hupimwa, mara nyingi huchelewa. Haisemi asiolewe. Kila mtoto wa siku ile anayo, hata wa siku za jirani, na wengi wana ndoa zao nzuri."

"Hao wengine hawajamtaka mwanangu."

Mchumba akainua uso. "Hata angezaliwa saa nyingine, mwalimu?"

"Saa yoyote ya siku ile."

"Kumbe hakika."

"Hakika kwamba pembe ipo," mnajimu alisema. "Siyo—"

"Nawe unasemaje?" binti akamuuliza mchumba wake.

"Si umesikia mwenyewe? Mimi nilikuwa nakutetea kwenye ule Mwezi." Alisimama, akamshika mama yake kiwiko. "Mama, taratibu. Hapa pana ngazi."